Neno la Siri la Baba Josué

Mbuzi wa kwanza alitembezwa, akalia, akapokelewa. Wa pili aligoma kulia mpaka alipovutwa sikio, naye akapokelewa. Kisha cherehani ikawekwa katikati ya sebule ya kwao bibi harusi, na mke wa Gédéon akashona mshono mmoja mrefu kwenye kipande cha kitenge. Kipande kile kikazungushwa kutoka mkono hadi mkono, kila mtu akikivuta kuona kama kitafumuka. Hakikufumuka. Mzee Ilunga, mjomba wa bibi harusi, akapiga mstari kwenye orodha kwa kalamu yake ya Biki nyekundu, akasema kwa sauti ya mtu anayejua kwamba bila sauti hiyo hakuna ndoa:

"Imepokelewa."

Hiyo ndiyo desturi ya ukoo wao hapa Kasongo. Kitu cha mahari chenye kazi lazima kifanye kazi hiyo mbele ya watu, na anayekionyesha ni baba wa kijana, kwa mkono wake au wa mkewe. Wanasema zamani babu yao aliletewa bunduki ya kupendeza sana, akaipokea kwa shangwe, na siku ya mazishi ya chifu bunduki ikakataa kulia mbele ya watu wote. Tangu siku hiyo hawaamini macho peke yake. Bwana harusi mwenyewe hana ruhusa ya kugusa kitu wala kusema neno, kazi yake ni kukaa na kutazama vidole vya miguu yake. Josué alikuwa akivitazama vizuri sana.

Gédéon, baba yake, alikuwa amevaa koti na tai, na jasho lilikuwa limeshafika kiunoni. Alikuwa na miaka kumi na miwili hapa mjini. Alitoka upande wa Kivu na begi moja na mizani ndogo, akaanza kununua dhahabu ya wachimbaji wa Kabambare, na Mungu akamsaidia: nyumba ya matofali, bati jipya, pikipiki tatu. Lakini miaka kumi na miwili yote watu walimwita "yule mugeni wa dhahabu". Kanisani walimpa kiti cha mbele, na msibani walimpa kiti cha mbele, sawasawa na wanavyompa mgeni. Leo, kama Mzee Ilunga angepiga mistari yote, Gédéon angekuwa mkwe wa ukoo uliolima ardhi hii kabla mtu yeyote hajaandika jina la Kasongo kwenye karatasi. Alitaka jambo hilo kuliko alivyowahi kutaka dhahabu. Nalo lilikuwa limebakiza mstari mmoja.

Mzee Ilunga akasogeza miwani, akasoma:

"Namba kumi na moja. Televisheni moja, kubwa, yenye kuona internet."

Mstari huo uliwekwa na mama wa bibi harusi mwenyewe, Mama Euphrasie, mjane, mkulima, jirani wa Gédéon ukuta kwa ukuta, na kiongozi wa kwaya ya parokia. Alikuwa akijifunza nyimbo kutoka kwenye video za kwaya za mbali, kwa simu ya binti yake Jeanine, na waimbaji thelathini hawawezi kutazama simu moja bila kugongana vichwa. Basi akaomba televisheni. Gédéon aliiagiza, ikafika Kindu, na kutoka Kindu ikaja juu ya pikipiki ikiwa imefungwa katikati ya magodoro mawili, ikapita mashimo yote bila mkwaruzo. Ilikuwa imesimama pale juu ya meza, nyeusi, inang'aa, imeunganishwa na betri za sola. Ilikuja na rimoti moja tu. Haikuwa na kibodi wala kitu kingine, ni kile kijiti cheusi chenye mishale minne na kitufe cha katikati.

"Baba Josué," akasema Mzee Ilunga, "onyesha."

Sasa lazima nikueleze kwa nini mtu mwenye pikipiki tatu alikuwa anaogopa rimoti.

Mwaka uliopita Gédéon aliweka juu ya bati lake antena ya internet ya setilaiti, sahani nyeupe inayotazama mawinguni. Fundi aliyeiweka, Alain, alimpa neno la siri jepesi, kasongo1, na baada ya wiki mbili mtaa mzima ulilijua. Vijana wa kwaya wakaanza kukaa chini ya ukuta wake kila jioni, vichwa chini, nyuso zikimulikwa na simu. Siku moja Gédéon alikuwa anaongea na mnunuzi kwa video, na mnunuzi akaganda, mdomo wazi, kwa dakika nne. Dhahabu ile ilikwenda kwa mtu mwingine. Gédéon akatoka nje amefura, akawaona vijana wa kwaya ukutani, na akili yake ikapiga hesabu fupi: vijana ni wa kwaya, kwaya ni ya Mama Euphrasie, basi mwizi ni Mama Euphrasie. Ilisaidia pia kwamba kuku wa Mama Euphrasie walikuwa wamechimbua mchicha wa mke wake wiki hiyohiyo.

Akamwita Alain. Akamwambia abadilishe neno la siri, na liwe hili: MamaEuphrasieMwizi1.

Alijisifu kwa siku nyingi. Ni neno gani la siri lililo salama kuliko tusi? Nani atamtajia mwenzake? Na yeye mwenyewe mwenye jina, hata akiambiwa, ataliandikaje kwa kidole chake? Akaliingiza kwenye simu za nyumbani kwake moja baada ya nyingine, mgongo umegeukia watu, kama mtu anayekojoa njiani. Mkewe alimwuliza ni neno gani, akasema ni mambo ya fundi.

Miezi saba baadaye Josué alikuja, akapiga magoti, akasema amepata mchumba. Gédéon akafurahi. Akauliza ni binti wa nani. Josué akajibu: wa Mama Euphrasie.

Tangu siku ile alimtafuta Alain abadilishe lile neno, maana yeye mwenyewe hakujua hata pa kuanzia. Lakini Alain alikuwa amekwenda Wamaza kuweka antena kwa watu wa machimbo, na kule simu haishiki. Gédéon alimtuma mwendesha pikipiki na ujumbe, na mwendesha pikipiki akarudi na ujumbe kwamba Alain anasalimia sana.

Basi alikuwa hapo, watu ishirini na wawili sebuleni, na rimoti mkononi.

Akaiwasha. Televisheni ikatoa muziki mdogo wa kujisifu, watu wakapiga makofi. Akaingia kwenye mipangilio, kisha mtandao, na kioo kikaandika orodha ya mitandao inayoonekana karibu. Orodha yenyewe ilikuwa na jina moja, kubwa, lenye alama ya kufuli pembeni: GEDEON.

"Njo ile yako, ndiyo hiyo!" akasema Mama Euphrasie kwa furaha. "Inafika mpaka hapa, ukuta si kitu."

"Inafika, ndiyo," akasema Gédéon. "Lakini leo iko muzito. Tutumie tu rezo ya simu yangu, itafanya kazi vilevile."

Akatoa simu. Mnara wa simu wa mjini ulikuwa umelala tangu asubuhi, kama kawaida yake siku ya sherehe, na simu haikuwa na hata mstari mmoja wa mtandao. Gédéon akaiinua juu, akaipeleka dirishani, akaigeuza kichwa chini. Watu wakamtazama kwa huruma. Akairudisha mfukoni.

Akapata wazo la pili. Akachagua jina lake, kioo kikamwomba neno la siri, na chini yake ikafunguka kibodi kubwa ya herufi, kila herufi ndani ya kijisanduku, na alama ya njano juu ya herufi ya kwanza. Gédéon akabonyeza mshale mara nyingi, akaandika polepole neno la zamani, kasongo1, ambalo mtaa wote ulilijua na halikuwa na aibu. Akabonyeza mahali pa kumaliza. Televisheni ikafikiri. Kisha ikaandika kwa Kifaransa kwamba neno la siri si sahihi.

"Aa," akasema Gédéon, akitikisa kichwa kwa masikitiko. "Munaona. Hii televisheni haishikani na rezo. Ni mambo ya kiwanda. Lakini picha iko safi, tumeona wote. Tupige tu mustari, mzee, fundi atakuja kuitengeneza."

Mzee Ilunga akafunika Biki.

"Kama ni mbovu, ni mbovu. Mbuzi mwenye kilema hatumpokei tukisema fundi atakuja." Akakunja orodha katikati. "Tutaandika: namba kumi na moja haikupokelewa. Mutarudi kisha mavuno."

Hadi baada ya mavuno kulikuwa mbali. Josué akainua macho kutoka kwenye vidole vya miguu yake, na Gédéon akayaona. Mtoto wake wa pekee, aliyemlea kwa taabu ya ugenini, alikuwa anamtazama kama mtu anayeona mashua yake ikiondoka bila yeye. Pembeni, nyuma ya pazia la chumba, ilisikika sauti ndogo ya mtu kuvuta pumzi, nayo ilikuwa ya Jeanine.

"Ngoja, mzee," akasema. "Ngoja. Labda nilikosea kode, ile neno ya siri."

Akaanza tena. Na hapa Mungu akamtupia kitu kidogo cha kumfariji: aliposogeza alama ya njano kwenye kishale cha herufi kubwa, akaifikisha kwenye M na kubonyeza, kwenye kisanduku cha neno la siri halikutokea M. Ilitokea nukta. Nukta nyeusi, nzuri, isiyosema kitu. Mwanzoni, alipoandika kasongo1, hakuwa ameona kwa sababu ya kiherehere. Televisheni inaficha! Gédéon akapumua mpaka tumboni. Akarudisha herufi ndogo, akatembeza njano hadi kwenye a, nukta ya pili. Hadi kwenye m, nukta ya tatu. Waliotengeneza kitu hiki walikuwa watu wenye adabu.

"M," akasema mwalimu mstaafu aliyeketi karibu na mlango. "A. M."

Gédéon akasimama kidole hewani.

"A," wakasema watu wanne pamoja.

Kumbe neno lilifichwa, lakini njano haikufichwa. Njano ilikuwa inatembea juu ya kibodi yenye upana wa mlango, kutoka kijisanduku hadi kijisanduku, na mahali iliposimama na kubonyezwa kila mwenye macho alipaona. Angeandika kwa chaki ubaoni, lingesomeka polepole zaidi.

"Mama!" akasema shangazi mmoja. "Kode yake ni Mama! Muangalie mutu anayekumbuka mama yake."

"Mutoto mwema," akasema mwingine, na wanawake wakapiga vigelegele kwa ajili ya mama yake Gédéon, aliyelala kaburini huko Kivu na hakuwa na hatia yoyote katika jambo hili.

"Jamani," akasema Gédéon, "hii ni mambo ya siri. Naomba mugeuke kidogo. Hata dakika moja."

Wakageuka kwa heshima. Watu ishirini na wawili waligeuza shingo kuelekea ukuta wa nyuma, na kwenye ukuta huo kulikuwa na kabati la vyombo la Mama Euphrasie lenye milango ya kioo. Televisheni ilionekana humo vizuri, isipokuwa ilikuwa kinyume.

Akatafuta herufi kubwa. Njano ikasimama kwenye E.

"E," likasema kabati.

Akaitafuta u. Mikono ilikuwa imelowa, kidole kikateleza, ikaingia i. Akarudi nyuma, akafuta, akaenda tena. Chumba kikasubiri naye, kikamsaidia kwa moyo wote: "Kulia, Baba Josué. Kulia tena. Hapo! Imepita, rudi nyuma." Wale waliogeuka walikuwa wamegeuka tena, maana shingo zilichoka na kazi ilikuwa imenoga.

"U," wakasema.

"Ni Eugénie," akanong'ona shangazi. "Mama yake aliitwa Eugénie?"

Mke wa Gédéon, aliyejua vizuri kwamba mama mkwe wake hakuitwa Eugénie, aliweka chini kikombe chake na kumtazama mumewe kwa jicho ambalo Gédéon hakulipenda. Kwa mara ya kwanza maishani Gédéon alitamani angekuwa na mwanamke wa pili anayeitwa Eugénie. Ingekuwa aibu ndogo kuliko hii.

Njano ikafika kwenye p. Akabonyeza.

"P," akasema mwalimu, na sauti yake ikapungua. Mama, kisha E, U, P. Hakuna majina mengi ya namna hiyo Kasongo. Watu wakaanza kumtazama Mama Euphrasie, mmoja mmoja, wakitabasamu bila kuelewa: mtu ameweka jina la mkwe wake kwenye internet yake, heshima gani hii! Mzee Ilunga mwenyewe akafunua Biki.

Gédéon alijua kilichobaki. Baada ya jina kulikuwa na herufi tano na namba moja. Alisimama katikati ya sebule na koti lake na tai yake, rimoti imeelekea televisheni, na hakuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma. Akafikiria kuanguka. Watu huanguka, ni jambo la kawaida, joto ni kali.

Mama Euphrasie akainuka. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono ya jembe. Akapita katikati ya magoti ya watu, akafika kwa Gédéon, akanyoosha kiganja.

"Lete telekomande, Baba Josué. Weye utatumalizia siku nzima."

Akaichukua. Akageukia kioo, akabonyeza: h, r, a, s, i, e. Hakukosea hata mara moja. Kisha akapandisha njano hadi kwenye kishale cha herufi kubwa.

"Hapa njo watu wengi wanakosea," akasema bila kugeuka. "M ya pili nayo iko kubwa."

M. W. I. Z. I. Hakuna aliyesoma kwa sauti sasa. Akafungua ukurasa wa namba, akaweka 1, akabonyeza kumaliza. Televisheni ikafikiri kidogo, kisha ikaandika kwamba imeunganishwa. Akaingia mahali pa video, akachagua, na kwaya ya watu wa mbali waliovaa kijani ikajaa kwenye kioo, ikaimba aleluya kwa sauti nne.

Gédéon alitaka kusema kitu. Kilichotoka ni hiki:

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza." Mama Euphrasie akapunguza sauti ya kwaya. "Josué alimupa Jeanine. Alifungua simu yake mahali pa rezo, ikatoa ile picha ya vijisanduku ya kupiga na kamera, na chini ya ile picha kode yote iko imeandikwa wazi. Mutoto alikuja kutuomba samahani kwa ajili yako. Alirudi mara ya pili kuomba samahani. Mara ya tatu nikaelewa haiko tena mambo ya samahani."

Nyuma ya pazia mtu alicheka, kisha akajizuia.

"Mbele ya hapo," akaendelea, "miye sikuwa hata na simu ya internet. Nilikuwa na ile ya tochi. Ulipoandika kwamba niko mwizi, sikuwa bado nimeiba kitu. Nilianza kisha ya hapo."

Mtu mmoja akakohoa. Lakini Mama Euphrasie hakuwa anachekesha. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na Gédéon, aliyekuwa akingojea kelele, akaona kwamba ni bora zingekuwa kelele.

"Unajua, Baba Josué, watu wanakuja hapa. Kuimba, kusalimia, kupumuzika. Padri alikuja. Mwalimu huyu alikuja. Wote wanauliza, mama, kode ni nini? Na miye ninawatajia. Ndani ya nyumba yangu, na kinywa yangu. Ninasema: andika Mama, andika Euphrasie, andika mwizi. Mwaka mzima. Wanainamisha kichwa, wanaandika, hawaniangalii. Nilifanya hivyo juu ya nyimbo, kwa ajili ya watoto. Lakini sikuzoea. Hata siku moja sikuzoea."

Mwalimu mstaafu alikuwa anatazama viatu vyake. Alijifanya anasoma herufi kwa mara ya kwanza, mzee yule, na alizijua zote. Gédéon akatazama chumba, uso kwa uso, na kwa kila uso akaelewa. Nusu yao walijua tangu M ya kwanza. Walimsomea herufi kwa upole, wakingojea kuona atafika wapi.

Aibu ikamshika, na chini ya aibu kulikuwa na huzuni ya kweli, ya kitoto. Mwaka mzima alijiona mtu aliyeonewa na mtaa, kumbe mtaa mzima ulikuwa unaishi ndani ya tusi lake na ulikuwa bado unampa kiti cha mbele.

Akavua koti. Hakujua kwa nini alivua, labda lilikuwa la mtu mwingine, yule aliyeingia nalo asubuhi. Akapiga goti kwenye sakafu ya saruji.

"Mama Jeanine, nisamehe. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na ujinga. Kama munakataa mutoto wangu, mukatae miye, si yeye."

Mzee Ilunga alikuwa ameshika Biki juu ya mstari wa mwisho, hajui aielekeze wapi. Akamtazama dada yake.

"Msamaha tumesikia," akasema Mama Euphrasie. Akapangusa jicho kwa ncha ya kitenge, haraka, kama mtu anayefukuza mbu. "Lakini hapa kwetu kila kitu kinaonyesha kazi yake mbele ya watu. Josué, badilisha kode."

"Haiwezekani," akasema Gédéon kutoka chini. "Alain peke yake ndiye anaweza. Na Alain iko Wamaza."

Josué akatoa simu mfukoni. Akamtazama Mzee Ilunga kuomba ruhusa, mzee akakubali kwa kichwa, na kijana akasema maneno yake ya kwanza tangu asubuhi:

"Baba, akaunti ya antena Alain aliifungua na email yangu. Weye hukuwa na email."

Gédéon akafumba macho.

"Niandike nini?" akauliza Josué.

Mama Euphrasie akamtajia. Josué akaandika neno moja, kisha kidole kikasimama, kwa maana tangu mistari kumi ilipopigwa yeye hakuwa tena na ruhusa ya kutamka jina la mama mkwe wake. Likazuka suala zito, wazee watatu wakainamisha vichwa pamoja, na Mzee Ilunga akatoa hukumu: kuandika si kutamka. Josué akamaliza, akahifadhi. Kwaya ya kijani ikaganda katikati ya aleluya, mikono juu, kisha kioo kikaandika kwamba hakuna mtandao.

"Sasa," akasema Mama Euphrasie, akimrudishia Gédéon rimoti. "Baba Josué, onyesha."

Gédéon akainuka, goti limepata vumbi. Akachagua jina lake kwenye orodha, kibodi ikafunguka, njano ikasubiri. MamaEuphrasieNisamehe1. Herufi ishirini na mbili, ukihesabu na namba. Hakuomba mtu ageuke. Alitembeza njano kulia, kushoto, juu, chini, na chumba kikasoma pamoja naye, sasa kwa sauti kamili, kama darasa la kwanza. Alipofika kwenye N akasahau kishale cha herufi kubwa, watu wakapiga kelele, akafuta, akarudia. Ilimchukua dakika sita. Televisheni ikaandika kwamba imeunganishwa, kwaya ikashusha mikono, na Mzee Ilunga akapiga mstari mrefu mwekundu uliotoboa karatasi.

"Imepokelewa."

Vigelegele vikapanda, Jeanine akatolewa nyuma ya pazia, wanawake wakasimama. Ndipo kelele nyingine ikasikika kutoka nje. Ilianzia nyumba ya pili, ikajibiwa kutoka ng'ambo ya barabara, ikaenda hadi karibu na msikiti: "Rezo imekatika! Eh! Kwenu pia imekatika?" Milango ikafunguliwa. Gédéon akachungulia dirishani, akaona mtaa wake ukitoka majumbani, simu mikononi, fundi baiskeli, muuza mafuta ya mawese, Mama Subira wa mchele, watu ambao hakuwahi kufikiria hata siku moja kwamba wanakaa ndani ya internet yake. Wote walikuwa wanakuja upande mmoja, bila kuulizana njia, kwenye mlango wa Mama Euphrasie.

"Mama," akasema Mama Subira, akiwa wa kwanza kufika kizingitini, "kode imebadilika? Mupya ni nini?"

Mama Euphrasie alikuwa anamkumbatia binti yake. Hakugeuka. Alinyoosha mkono tu, akamwonyesha mtu aliyesimama katikati ya sebule na rimoti mkononi.

"Muulize mukwe wangu. Yeye njo anaitaja sasa."

Gédéon akaenda mlangoni. Nyuma ya Mama Subira watu walikuwa wameshapanga mstari, na mstari ulikuwa unapinda kwenye kona ya ukuta wake. Akasafisha koo.

"Andika Mama," akasema. "M kubwa. Halafu Euphrasie, E kubwa. Halafu nisamehe."

Mama Subira akaandika bila kuinua kichwa. "N iko kubwa?"

"Iko kubwa," akasema Gédéon. "Na moja mwishoni."

Fundi baiskeli akasogea mbele, simu tayari. Alisema hakusikia vizuri, kuna kelele, na akaomba Baba Josué atamke kwa sauti zaidi.